Semina ya watu 40, sahani isizidi elfu kumi: hesabu yake inakaaje?

*Nina kibanda cha chakula hapa Uyole, Mbeya. Taasisi moja inataka niwapelekee chakula cha mchana mjini, semina ya siku moja, watu 40: wali, nyama, maharage, mboga, tunda na maji. Wamesema bajeti yao haizidi 10,000 kwa sahani. Kibandani wali nyama nauza 3,500. Nimepiga hesabu ya vyakula nikapata kama 4,500 kwa mtu, nikaona nikiwaambia 7,000 nitabaki na laki moja. Rafiki yangu anasema nichukue gharama ya vyakula nizidishe mara mbili, yaishe. Sahani za kutosha sina, gari sina, napikia mkaa na mtungi mmoja wa gesi. Niwape bei gani?*

Dada yangu, kwa 7,000 usikubali. Kwa 10,000 kazi inawezekana, ila si kwa namna ulivyoipanga sasa. Nitakuonyesha hesabu yote ili kesho wakianza kuvutana na wewe ujue mahali pa kulegeza na mahali pa kukaza.

Kwanza iache pembeni ile 3,500 ya kibandani. Pale mteja anakuja kwa miguu yake, anakaa kwenye benchi lako, na sahani 15 zinalisha watu 60 kwa sababu moja inaoshwa huku nyingine inapakuliwa. Jiko linawaka tangu asubuhi, na mkaa wake unagawanywa kwa kila anayekula siku hiyo. Kwenye semina watu wote 40 wanatoka ukumbini saa 7 mchana na kila mmoja anataka sahani kwa wakati mmoja. Kilichokuwa kinagawanywa kwa siku nzima ya biashara sasa kinabebwa na watu 40 tu.

Tuanze na vyakula. Bei ninazoweka hapa ni za mfano. Zunguka Uyole na Mwanjelwa uweke za leo, maana nyanya peke yake inaweza kubadilika sana kati ya wiki moja na nyingine. Usipike cha watu 40 kamili, pika cha 44. Wapo wasaidizi wako wawili, yupo dereva, na hakuna semina isiyo na mgeni wa ghafla aliyeletwa na mwenyeji. Mchele, kwa watu wazima wanaojipakulia wenyewe, hesabu gramu 180 kwa kichwa, yaani kilo 8. Kwa 2,800 ni 22,400. Nyama ya ng'ombe kilo 8 kwa 11,000 ni 88,000. Usishangae wingi wake: nyama ikiiva inapungua robo hadi theluthi ya uzito, kwa hiyo gramu 180 mbichi ni vipande vitatu vya kawaida kwenye sahani. Maharage kilo mbili na nusu ni 7,500. Mboga 10,000. Nyanya, vitunguu, karoti, hoho, tangawizi na vitunguu saumu 22,000. Mafuta lita mbili na nusu 15,000. Chumvi, ndimu na pilipili 3,000. Matikiti manne makubwa 20,000. Maji chupa 44 za nusu lita kwa bei ya jumla ya 400 ni 17,600.

Jumla ni 205,500. Ukiigawa kwa 40, kwa sababu wanaolipiwa ni 40, unapata kama 5,140 kwa mtu na si 4,500. Tofauti hiyo imetoka kwenye zile sahani nne za ziada na vitu vidogo ambavyo kibandani hununui kwa siku moja, kama mafuta na viungo, kwa hiyo huvioni kwenye hesabu.

Sasa moto. Wengi huandika tu "mkaa 10,000" bila kupima. Kwetu nyanda za juu jambo hili lina uzito wake. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, si 100 kama kule Dar. Ukishafika hapo, hata uchochee moto vipi, maji hayapandi joto zaidi, yanapungua tu kwa mvuke. Ndiyo maana maharage ya Mbeya yanakula mkaa kuliko mahali pengine: yanaivishwa na maji yasiyo moto vya kutosha, kwa hiyo yanataka muda. Yakiwa ya msimu uliopita ndiyo kabisa. Loweka tangu jioni, mwaga maji yale, na kama unaweza kuazima sufuria ya presha basi maharage yapikie humo, kwa kuwa ndani yake maji yanavuka zile nyuzi 94. Ukiyaweka makavu alfajiri ukitegemea saa 4 yawe tayari, utajikuta unachochea hadi saa 6 huku gari linapiga honi.

Gesi pima kwa mizani. Kwenye shingo ya mtungi kumegongwa uzito wake ukiwa mtupu. Pima kabla ya kupika, pima baada, tofauti ndiyo gesi uliyotumia. Kazi kama hii, nyama na mboga zikiwa kwenye gesi, kadiria kilo 3. Kwa 3,800 kilo moja ni 11,400. Wali na maharage kwenye mkaa, debe moja, 8,000, pamoja na makaa ya kupalia juu ya sufuria. Jumla ya moto ni 19,400. Kama semina iko Juni au Julai, usiende na mtungi uliobaki robo. Baridi ikikaza gesi inatoka kwa unyonge, na mtungi unaokaribia kwisha ndio wa kwanza kuzimika ukiwa katikati ya rosti.

Watu. Hapa ndipo akina mama wengi wanajidhulumu, kwa sababu hawajiandiki kwenye karatasi. Wewe utanunua jana yake, utaamka saa 9 usiku, utarudi na vyombo jioni, na siku hiyo kibanda kimefungwa au yupo mtu anayekushikia. Jiandikie 30,000. Msaidizi wa kumenya, kuchambua mchele na kusimamia sufuria, 15,000. Wa kupakua na kuosha, 15,000. Jumla 60,000. Usijaribu na msaidizi mmoja: ukibaki unapakua peke yako, foleni inafika mlangoni na saa ya mapumziko inaisha wengine hawajala. Hao hawatakuita tena.

Sahani. Kukodi sahani, kijiko na uma kwa 300 kila seti, seti 45, ni 13,500. Hotipoti kubwa nne kwa 5,000 ni 20,000. Tenga 5,000 ya kitakachovunjika au kupotea. Vijiko ndivyo vinavyopotea kuliko vyote, hasa vikichanganyika na mabaki ya chakula, kwa hiyo vihesabu pale pale ukumbini kabla ndoo ya taka haijamwagwa. Hapo ni 38,500. Ongeza sabuni, tishu na vijiti vya meno, 8,000. Kuhusu kununua sahani zako: za melamini 45 kwa 2,500 ni 112,500. Kama kukodi sahani tupu ni 200, unaokoa 9,000 kila kazi, maana yake zitajilipa baada ya kazi kama 12 au 13. Ukiwa na uhakika wa kazi moja kila mwezi ni ununuzi mzuri. Kwa kazi hii ya kwanza kodi. Na siku ukizinunua, endelea kuandika ile 200 kwenye hesabu, vinginevyo zikichakaa hutakuwa na hela ya kununua nyingine.

Usafiri ni safari nne, si moja: sokoni, kufuata vyombo vya kukodi, kupeleka chakula, kurudisha. Kutoka sokoni na mzigo, ukipitia na vyombo vya kukodi, weka 6,000. Kirikuu kutoka Uyole hadi mjini, kilomita kama 10, kwenda na kurudi na kusubiri, 30,000. Kurudisha vyombo 4,000. Jumla 40,000. Patana na dereva bei ya kusubiri kabla hajawasha gari. Akikwambia "tutaelewana", huko mbele utaelewana naye ukiwa na sufuria za moto barabarani.

Tukijumlisha yote: vyakula 205,500, na vingine vyote 165,900. Jumla 371,400, au karibu 9,300 kwa sahani kabla ya faida. Kwa 7,000 wangekulipa 280,000. Hata usipojilipa zile 30,000 zako, ungetoa 61,400 mfukoni kuwalisha.

Ushauri wa rafiki yako wa kuzidisha mara mbili nimeusikia kwa wapishi wengi, na leo ungekupa karibu 10,300, kwa hiyo unaonekana wa kweli. Umetokea kufaa tu kwa sababu kuna nyama. Tuseme wateja wanataka wali maharage bila nyama, na vyakula vyote ni 110,000. Mara mbili ni 220,000, lakini gari, wasaidizi, moto na vyombo viko pale pale kwenye 165,900, jumla ni 275,900, umekula hasara. Wakitaka kuku wa kienyeji na vyakula vikafika 330,000, mara mbili ni 16,500 kwa sahani, na wao watakimbilia kwa mwingine ingawa kazi yako haikuongezeka hata nusu. Gari halijui kama limebeba kuku au maharage. Vyakula vinakwenda na idadi ya watu na aina ya chakula. Gari, watu, hotipoti na moto vinakwenda na siku. Viandike kwenye safu mbili tofauti, halafu ndipo ujumlishe.

Safu hiyo ya pili ndiyo inayokwambia kuwa bei ya watu 40 usiitumie kwa idadi nyingine. Wewe na wasaidizi, usafiri, hotipoti na moto ni 139,400. Kwa watu 40 kila mmoja anabeba kama 3,500. Wakikuita tena mwezi ujao kwa watu 20 wakisema "bei ile ile", kila mmoja atabeba karibu 7,000 hata kabla hujanunua punje ya mchele.

Bado kuna kodi. Taasisi nyingi zikilipia huduma huzuia asilimia 5 na kuipeleka TRA kwa jina lako. Kwenye 400,000 ni 20,000, na wewe unapokea 380,000. Hiyo si hasara moja kwa moja, ni kodi uliyolipa mapema, kwa hiyo dai hati ya kodi ya zuio uitumie unapofanyiwa hesabu ya mwaka. Ila siku ya kulipa wauza nyama haiko mkononi, lazima uione mapema. Ukitaka ubaki na faida ya asilimia 15 ya bei na zuio liwe limeshatoka, jumla ya asilimia zinazotoka kwenye bei ni 20. Gawa gharama kwa 0.80: 371,400 inakuwa 464,250, kama 11,600 kwa sahani. Usiongeze asilimia 20 juu ya gharama, kwa sababu zuio linakatwa kwenye bei nzima, si kwenye gharama yako. Ukiongeza 20 juu utapata 445,680, pungufu ya unachohitaji.

Kwa hiyo bei ya haki ya chakula ulichoandika ni 11,500 hadi 12,000. Waambie hivyo kwanza, kwa upole, pamoja na orodha ya chakula. Wakati mwingine ile "isizidi elfu kumi" ni ya kujaribu. Wakisema kweli haipandi, usipunguze bei bila kupunguza kitu. Mimi ningeanza na nyama. Ikae mezani mwishoni mwa mstari na igawiwe na msaidizi wako, kila mtu vipande viwili au vitatu, huku wali na maharage wakijipakulia. Kwa utaratibu huo kilo 6 na nusu zinatosha watu 44 na umeokoa 16,500. Watu wakijipakulia nyama wenyewe, kumi wa mwisho wanakuta mchuzi, hata ungenunua kilo 10. Tikiti badilisha na ndizi mbivu, Mbeya hatuna shida ya ndizi kutoka Rungwe. 8,000 badala ya 20,000. Hotipoti mbili omba au azima, ukodi mbili, umeokoa 10,000.

Umepunguza 38,500, gharama imeshuka hadi 332,900. Kwa bei ya 10,000 kwa sahani unapokea 380,000 baada ya zuio, unabaki na 47,100, na ujira wako wa 30,000 ulishautoa humo. Si hela nyingi, ila ni kazi halali inayolipa. Ukiona baada ya kuweka bei za soko la leo inabaki chini ya 25,000, ningekushauri uiache. Kilo mbili za nyama zikiharibika au kirikuu kikigoma njiani, faida yote imekwenda.

Ambacho usikilegeze kabisa ni idadi. Semina nyingi hulipa kwa kuangalia karatasi ya mahudhurio. Wakija watu 31 na ukalipwa 310,000, umeshapika cha 44, gharama ni ile ile 332,900, umepoteza 22,900 na zuio bado halijakatwa. Kwa hiyo LPO, yaani karatasi yao ya oda, iandike wazi: malipo ni ya sahani zisizopungua 40, na mabadiliko ya idadi yapokelewe hadi siku mbili kabla. Wakiongezeka baada ya hapo, wa ziada wanalipiwa. Kama hawataki kuandika, basi wakubali 35 ndiyo idadi ya chini, na wewe upige hesabu upya kwa 35.

Omba pia malipo ya awali ya nusu. Hela ya taasisi inaweza kukaa wiki kadhaa, na wewe muuza nyama hakukopeshi wiki tatu. Ukilazimika kuchukua 200,000 za vikoba kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, hapo kuna 20,000 ya kuandika kwenye gharama, karibu nusu ya faida yako.

Wali uwe wa mwisho kuiva, kama saa 5 na nusu, na gari liondoke saa 6 kasorobo. Usiupike alfajiri ili upumue. Wali una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na ukikaa vuguvugu saa nyingi vinaamka na kuzaana, watu wanatapika jioni. Chakula kikae moto wa kweli, zaidi ya nyuzi 60, hadi sahani ya mwisho. Hotipoti zisuuze kwa maji yanayochemka kabla ya kuweka chakula, kwa sababu baridi ya Mbeya inaanza kula moto wa wali mara tu unapougusisha chombo kilicholala nje usiku.

Yapo mawili ambayo mimi siwezi kukumalizia kwa maandishi. La kwanza ni risiti. Wataomba TIN na risiti ya EFD. Kama huna mashine, usikubali kuandikiwa risiti na duka la mtu kwa kumpa asilimia fulani. Ni kosa kwake na kwako, na mauzo yanasomeka kwa jina lake wakati zuio limekwenda kwa jina lako. Nenda ofisi ya TRA Mbeya na daftari la mauzo ya kibanda kabla ya kutuma bei, wakwambie kwa mauzo yako unatakiwa kuwa na nini, kisha uiulize taasisi kama itapokea utaratibu huo. La pili, kama cheti chako cha kupima afya na vya wasaidizi vimepitwa na muda, mwone afisa afya wa kata wiki hii, kwa sababu baadhi ya kumbi hazikuruhusu kuingiza chakula bila hivyo.

Ukishazunguka sokoni, rudia safu zile mbili kwa bei zako, kisha waandikie: chakula kipi, sahani ngapi za chini, bei, nusu ya awali, na bei hiyo inasimama kwa siku 14 tu.